Huyo Mpenzi Anaitwa Nani?

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana mhakiki anayeanza na makosa ya wenzake huwa anaficha jambo.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi fupi nikaipeleka kwenye kikundi chetu cha wasomaji. Tulikuwa tunakutana Jumamosi jioni hapa Buhembe, uani kwa mwenzetu mmoja, viti vimepangwa kati ya migomba, kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Tulikuwa watu tisa. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mtu aliyefika bandarini tangu alfajiri kumpokea mpenzi wake anayekuja kwa meli kutoka Mwanza. Meli imechelewa. Anayengoja anakumbuka mambo. Basi, ndiyo hadithi nzima, kurasa sita.

Katika kurasa zote sita sikumtaja mpenzi kwa jina, wala sikusema kama ni mwanamume au mwanamke. Na sikuhitaji kuhangaika. Kiswahili kilinibeba mgongoni. Niliandika "alicheka", "nilimshika mkono", "yeye hapendi chai ya rangi", na sarufi haikunidai chochote zaidi. Wenzangu walisikiliza vizuri. Wakasifu mandhari, wakasema taharuki ipo. Kisha dada mmoja, msomaji hodari kuliko sisi sote, akauliza kwa nia njema kabisa: "Sasa huyu binti anaitwa nani? Na kwao ni wapi?"

Anayezijua nyumba za Kihaya anajua hilo si swali la udaku. Ukimtaja mtu hapa, kinachofuata ni jina, kisha kwao, kisha ukoo na muziro wao. Mtu asiye na hayo hajawa mtu bado. Nikajibu palepale bila kufikiri: "Koku." Nyumbani nikaingiza Koku kila mahali, nikamvika gauni, nikamsuka nywele. Toleo hilo likapendwa kuliko la kwanza. Mimi sijaweza kulisoma tena mpaka leo, kwa sababu niliyekuwa nikimngoja bandarini hakuwa Koku.

Ndugu msomaji, jina langu hulioni chini ya makala haya. Mhariri analo, na akilisahau atakuwa amenifanyia hisani. Nimebadilisha pia mambo mawili matatu ili wale wanane wasianze kuhesabu vidole. Ninachotaka kufanya hapa ni kazi ya uhakiki: kuangalia jinsi wasanii wa Afrika Mashariki walivyoueleza upweke wa mtu anayependa wa jinsia yake mahali ambapo kujulikana ni hatari, na kusema wapi wamepatia na wapi wameruka. Kipimo changu ni swali la yule dada. Je, kazi hii inajua gharama ya kulijibu swali hilo?

Kazi ya kwanza ni hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ndiyo zambarau yetu, mti ule unaochafua mashati ya watoto. Mahali ni Kampala, kwenye nyumba za Nakawa. Anyango anamwandikia barua Sanyu, msichana aliyempenda walipokuwa wadogo, ambaye alipelekwa Uingereza baada ya wawili hao kuonwa usiku chini ya mti huo. Aliyewaona ni jirani, Mama Atim. Sasa Sanyu anarudi, na habari za kurudi kwake zinaletwa na jirani huyohuyo.

Angalia usanii ulivyo mwepisi hapo. Mama Atim hana bunduki wala cheo. Ana macho na mdomo tu. Lakini yeye ndiye anayegawa habari zote, hata ile habari njema. Anyango hawezi kusubiri kurudi kwa mpenzi wake bila kupitia kinywa cha mtu aliyewatenganisha. Mtu yeyote aliyekulia katikati ya migomba anamfahamu Mama Atim wake. Nyumba zetu zimefichwa na majani, mgeni hudhani hatuonani. Bwana wee, tunaonana sana. Njia ya miguu inapita uani kwa kila mtu, na pikipiki ikisimama saa tatu usiku kwako, asubuhi Ma fulani atakusalimu vizuri, "Waitu, habari za wageni?"

Jambo la pili linalonigusa ni barua yenyewe. Mwandishi angeweza kusimulia kwa njia ya kawaida, wawili wakaonekana pamoja ukurasa mzima. Badala yake tunamsikia mmoja tu, anaongea na mtu ambaye hajibu. Sanyu tunamjua kupitia maneno ya Anyango tu. Upweke haukuelezwa kwa maneno ya huzuni, umewekwa ndani ya fani. Waandishi vijana tunaopenda kuandika "machozi yalimtiririka kama mto Ngono" tukae tulisome hilo.

Kutokana na hadithi hiyo, Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza filamu "Rafiki" mwaka 2018. Nakawa imekuwa mtaa wa Nairobi, Anyango na Sanyu wamekuwa Kena na Ziki, na baba zao ni wagombea wanaoshindana katika uchaguzi. Mama Atim yupo, safari hii ana kibanda cha chakula. Wapenzi wanajificha kwenye kombi bovu lililotelekezwa. Wanagunduliwa, wanapigwa na kundi la watu, na Ziki anapelekwa London.

Nimeitazama mara tatu kwenye simu, spika za masikioni zimebana, mlango una komeo. Filamu yenyewe ina rangi za pinki na zambarau zinazowaka, na nadhani hizo rangi ni hoja: mtengenezaji anataka hawa wawili waonekane mchana kweupe, wapendeze. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018. Kahiu ameeleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa sababu ulikuwa na matumaini. Naona hapo bodi ilisoma vizuri kuliko wahakiki wengi. Wasagaji wanaopigwa na kujuta wangepita salama. Kilichosumbua ni mwisho unaoacha mlango wazi. Septemba 21 mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Kenya ikasimamisha marufuku kwa siku 7, ili filamu iweze kuingizwa kwenye mashindano ya Oskari, na kumbi za Nairobi zikajaa. Kisha marufuku ikarudi.

Lakini nikipima upweke peke yake, hadithi ya Arac de Nyeko inaishinda filamu. Kwenye filamu Kena na Ziki wako pamoja mbele ya macho yetu muda mrefu, na tunajua wanapendana kabla hawajajua wenyewe. Kipande cha upweke wa kweli nimekiona kwa mtu mwingine, yule kijana wa mtaani ambaye kila mtu anamdhihaki na hatamki kitu. Baada ya Kena kupigwa, wawili hao wanakaa pamoja kimya. Hakuna anayemwambia mwenzake "nakuelewa". Kipande hicho ni kifupi, na ndicho nilichokirudia mara nyingi kuliko busu lolote.

Sasa nije kwenye pengo. Katika hadithi na katika filamu, wapenzi wamepatikanaje? Ni majirani. Wametupiwa mtaa mmoja na mwandishi, wakatazamana, basi. Hadithi zote mbili zinaanza pale ambapo kwa wengi wetu safari huishia. Hatari inakuja baada ya kupatana. Mimi nasema hatari kubwa, na upweke mwenyewe, viko kabla ya hapo, kwenye kutafuta. Na juu ya kutafuta sijasoma hadithi ya Kiswahili hata moja inayokwenda hatua kwa hatua.

Hebu nieleze kazi yenyewe ilivyo, ili mwandishi asije akaibuni kichwani.

Mtu wa Bukoba hana baa ya kwenda wala maskani ya kukaa. Ana simu. Ziko programu za kutafutana ambazo hupanga watu kwa ukaribu. Jijini ukifungua unaona watu wengi mno. Hapa ukifungua unaweza kuona wawili watatu, halafu anayefuata yuko ng'ambo ya ziwa, Mwanza, au Kampala. Wengi hawana picha. Tena programu inaweza kuonyesha umbali. Mahali penye watu wachache, umbali wa mita 400 ni karibu sawa na kutaja nyumba. Unaweza kuuzima umbali usionekane, lakini orodha inabaki imepangwa kwa ukaribu, kwa hiyo mtu akihama kutoka Hamugembe hadi Rwamishenye huku akiangalia nani kapanda na nani kashuka, atakukaribia bila wewe kusema neno.

Halafu kuna mtego. Mtu ninayemfahamu, wa mji mwingine, alinaswa hivi. Akaandikiwa na kijana mzuri wa picha. Siku ya kwanza tu kijana akataka wahamie kwenye namba ya simu. Siku ya pili akaomba picha yenye uso na mwili kwa pamoja. Akauliza anafanya kazi wapi. Akakataa kupigiana simu ya video, eti kamera mbovu. Akachagua mwenyewe nyumba ya wageni na saa. Mshikaji wangu alifika, wakakaa dakika kumi, mlango ukagongwa. Wakaingia wanaume watatu, mmoja akijiita askari. Hawakumpiga sana. Walichukua simu, wakaonyesha mazungumzo, wakataja jina la mwajiri wake. Wakataka shilingi laki 5, akawatumia laki 3 alizokuwa nazo kwa simu palepale. Mwezi uliofuata wakapiga tena.

Kwa nini hakwenda kituoni? Kwa sababu ili kueleza jinsi alivyoibiwa, lazima aeleze alikwenda kufanya nini. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinatoa kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Ukivuka Mutukula kwenda Uganda, sheria ya mwaka 2023 imeweka hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Mnyang'anyi anaijua sheria hiyo kuliko wakili. Ndiyo mtaji wake. Na Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, alitangaza kuunda kamati ya kuwasaka mashoga, akawaomba wananchi wapeleke majina. Novemba 4 serikali ilisema huo ulikuwa msimamo wake binafsi. Lakini neno "majina" lilikuwa limeshasikika mpaka huku. Usiku ule mimi nilifuta picha, nikafuta namba, nikafuta hata mazungumzo ambayo hayakuwa na kitu. Watu wanne niliowajua wakapotea kwa siku moja, na wao bila shaka walikuwa wakinifuta mimi.

Sasa basi, mtu anayejua hayo yote anatafutaje? Anapima. Na hapa ndipo hadithi ilipo.

Niliwahi kuandikiana na mtu kwa miezi minne. Nimwite Karani. Hakuwa na haraka, na hilo lilikuwa alama nzuri ya kwanza. Wiki za mwanzo tuliongelea mpira, bei ya kahawa, senene za mwaka ule. Kila mmoja aliacha kijineno, kama mtu anayedondosha punje aone kama kuna ndege. Mimi niliandika kwamba nyumbani wananisumbua juu ya kuoa. Yeye akajibu, "Hata mimi. Nimechoka kuzuga." Neno hilo "kuzuga" nililitafakari siku mbili. Anazuga nini? Anaweza kuwa na mke anayezuga naye. Anaweza kuwa mtu wa mtego aliyejifunza lugha. Nikaomba tupigiane simu ya video, akakubali, lakini kila mmoja akaelekeza kamera ukutani. Tulikaa dakika ishirini tukiangaliana kuta. Ya kwake ilikuwa na kalenda ya duka la pembejeo.

Mwishowe tukakubaliana kuonana, mchana, Jumapili, ufukweni, mahali penye watu wengi, kila mtu na usafiri wake. Hizo ndizo kanuni: mchana, hadharani, sehemu ambayo hakuna kati yenu aliyeichagua peke yake, na mtu mmoja unayemwamini awe anajua uko wapi hata kama hajui kwa nini. Mimi sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilifika nusu saa mapema, nikaagiza soda, nikakaa meza ya pembeni yenye kuona njia zote mbili. Nilikuwa nimemwambia nitavaa shati la bluu. Nilivaa jeupe, ili nimwone kabla hajaniona.

Saa kumi wakaja watu wengi. Meza ya pili yangu akakaa mwanamume wa umri wangu, peke yake, akaagiza soda, akaweka simu kifudifudi. Alikuwa anaangalia njia. Naye hakuwa na kofia nyekundu aliyoniahidi. Tulikaa hivyo saa nzima na robo. Mara moja macho yetu yalikutana, akayahamishia ziwani. Nilijua ni yeye. Naamini na yeye alijua. Lakini kama si yeye? Na kama ni yeye, na wenzake watatu wako kwenye meza za nyuma? Akalipa, akaondoka. Usiku nikamwandikia: "Ulikuja?" Akajibu: "Nilipata dharura. Wewe je?" Nikaandika: "Mimi pia sikufika." Hatukuandikiana tena.

Nimeusimulia mkasa huu kirefu kwa makusudi. Hakuna aliyepigwa. Hakuna jirani aliyeona. Kwa vipimo vya filamu hapo hakuna kisa. Hata hivyo hakuna siku niliyokuwa mpweke kuliko ile, mita mbili kutoka kwa mtu niliyemtafuta miezi minne, na aliyetutenganisha ni uangalifu wetu wenyewe. Kanuni zilefanya nibaki salama ndizo zilizonirudisha nyumbani peke yangu. Siwezi kumshauri mtu aziache. Mwandishi anayetaka kuandika juu yetu lazima aweze kushika mambo hayo mawili pamoja bila kuliachia moja.

Kazi iliyokaribia zaidi kufanya hivyo ni ya tatu, nayo ndiyo naiona bora. Mwaka 2014 kikundi cha Nest cha Nairobi kilitoa filamu "Stories of Our Lives", iliyoongozwa na Jim Chuchu. Walianza kwa kukusanya masimulizi ya watu sehemu mbalimbali za Kenya bila kutaja majina, kisha wakayageuza kuwa visa vitano vifupi, vyeusi na vyeupe, vyote pamoja kama saa moja. Hata watengenezaji wenyewe walificha majina yao mpaka ilipoonyeshwa Toronto mwaka huohuo, ndipo watatu wakajitokeza. Oktoba bodi ya filamu ikaipiga marufuku, na George Gachara, mmoja wa watatu hao, akakamatwa kwa madai ya kurekodi bila kibali.

Kisa ninachokisema kinaitwa "Athman". Ray na Athman ni vibarua wa shamba, marafiki wa miaka mingi. Akaja mfanyakazi mpya, Fiona, Athman akaanza kumchombeza. Ray anaumia, na anatakiwa kuamua kama ataendelea kuishi karibu na mtu asiyeweza kuwa wake. Hakuna kundi la watu wenye fimbo. Athman si mbaya, wala Fiona. Wanaishi kati ya majani na kazi, kama vibarua wetu wa chai kule Maruku, wanaamka, wanakula, wanarudi. Upweke wa Ray uko katikati ya urafiki wa kweli, na hakuna wa kumlaumu. Hilo ni gumu kuandika. Ukiwa na adui, hadithi inajiendesha yenyewe. Usipokuwa naye, lazima uwajue wahusika wako.

Nina lawama moja tu. Kisa ni kifupi mno. Nilitaka kujua Ray amewahi kutafuta kwingine, amewahi kuangalia ukuta wa mtu kwenye simu, au Athman ni mtu wa kwanza na wa mwisho kumfikiria. Kwa mtu wa shamba au mji mdogo, kumpenda rafiki asiyekupenda si bahati mbaya tu. Mara nyingi ni matokeo ya hesabu. Huyo ndiye mtu pekee uliye na hakika kwamba hatakuuza.

Nirudi kwenye lugha, maana hili ni gazeti la waandishi. Kahiu amewahi kueleza kwamba aliita filamu yake "Rafiki" kwa sababu watu wa namna hii huwatambulisha wapenzi wao kwa neno hilo. Kiswahili kinatupa maficho hayo mengi. "Rafiki", "mwenzangu", "mtu wangu", na ule "a-" usiobagua mume na mke. Naweza kumwambia shangazi yangu kwa miaka kumi, "Yupo Mwanza, hajambo, anakusalimu," na nisiwe nimedanganya neno hata moja. Mwandishi wa Kiingereza hana bahati hiyo, mara nyingi sentensi ya pili tu inambidi achague.

Lakini lugha hiyohiyo haijatupa jina la kujiita. "Shoga" lilikuwa neno la wanawake wa pwani wakiitana kwa upendo, na baadhi bado huitana hivyo. Mtaani limegeuka jiwe la kurushia watu. Mengine ya zamani siyaandiki, yote ni matusi. "Kuchu", lililotumika sana Kampala, ni la wenyewe kwa wenyewe, na uzuri wake ni kwamba wengi hawalijui, yaani nalo ni maficho. Kwa hiyo tuna lugha inayotuficha vizuri sana na inayoshindwa kututaja. Ndiyo maana hadithi nyingi za vijana juu ya jambo hili, zile zinazopita mkono kwa mkono, huanzia kwenye kipigo. Kipigo kina msamiati tayari. Kungoja hakuna.

Ndipo naona kosa langu la ile Jumamosi lilikuwa la namna mbili. Kosa la kumwita Koku najisamehe, maana nilikuwa mbele ya watu wanane na ukweli haukuwa na mahali pa kukaa. Kosa la pili, la uandishi, sijisamehi. Baada ya kudanganya kwa mdomo nilikwenda nyumbani nikaudanganya mswada, ilhali hakuna aliyenilazimisha. Toleo la kwanza lilikuwa na mhusika asiye na jina, na kutokuwa na jina kulikuwa ndiyo habari yenyewe. Msomaji aliyemhitaji angemtambua. Aliyekuwa hamhitaji angepita zake. Na mpelekaji wa majina asingepata jina la kupeleka.

Juzi nimeitoa hadithi ile sandukuni. Nimemfuta Koku ukurasa kwa ukurasa, gauni na nywele. Kazi imechukua jioni mbili. Palipobaki pengo nimeongeza jambo moja ambalo mwanzo sikulijua: anayengoja bandarini amevaa shati tofauti na alilosema atavaa. Meli inatia nanga, watu wanashuka na mizigo, na kuna abiria mmoja amesimama ngazini, anaangalia mashati.

Nitaisoma Jumamosi ijayo. Yule dada atauliza tena, namjua. Safari hii nitamwambia hadithi haisemi.